Nguo ya Shangazi Siku ya Akika: Kuichagua, Kuifua na Kuivaa

Shangazi wa mtoto haendi kwenye akika kama mgeni. Mgeni hufika saa nne, huvua viatu mlangoni, huketi, husikiliza maulidi, hula, humwombea mtoto dua na kuondoka. Shangazi ameamka alfajiri kuchambua mchele, ameinama juu ya sufuria, ametandika mikeka na kupokea watu, na maulidi yanapofika kwenye kiyamu, pale watu wote wanaposimama, katika nyumba nyingi za pwani nilizozizoea, ndiye anayekabidhiwa mtoto ampitishe kwa wanawake wenzake huku nywele zikipunguzwa kwa mkasi na marashi yakinyunyizwa juu ya vichwa vya waliosimama. Kwa hiyo nguo yake ina kazi tatu kabla ya kazi ya kupendeza: isimdhuru mtoto aliyelazwa juu yake, imwezeshe kuketi mkekani na kuinuka akiwa na mikono iliyojaa, na isiseme neno ambalo mvaaji hakukusudia kulisema.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya shughuli ya namna hiyo, yaani akika ya nyumbani yenye maulidi, inayofanywa siku ya 7 tangu mtoto azaliwe au inayosogezwa hadi siku ya 40, mzazi anapotoka nje. Ninasema na shangazi kwa kuwa ndiyo nafasi niliyoishika mara nyingi zaidi, lakini mama mdogo, bibi au dada wa mzazi atakayembeba mtoto anaweza kufuata hatua hizi hizi.

Hatua ya kwanza: uliza kabla ya kununua

Kuna maswali matatu ya kumuuliza wifi yako, na ni vizuri umuulize mwenyewe badala ya kutuma mtu. La kwanza ni siku na saa. Akika ya siku ya 7 haikupi nafasi ya kununua kanga mpya, kuifua ipasavyo na kumsubiri fundi. Ikiwa ndiyo iliyopangwa, fungua sanduku utoe kanga uliyoizoea, yenye kupendeza na iliyokwisha kufuliwa mara nyingi, wala usione haya. Akika ya siku ya 40 inakupa wiki tano na ushee, na hapo ndipo panapofaa mipango ya sare.

Swali la pili ni mzazi mwenyewe atavaa nini. Siku hiyo ni yake na ya mwanawe. Akikwambia amenunuliwa doti ya kisutu, basi ile nyekundu, nyeupe na nyeusi ya kisutu mwachie yeye, nanyi mtafute rangi nyingine. Akikwambia ameshonewa gauni la kijani, sare ya mashangazi isiwe ya kijani kilekile, kwa sababu watu wanaoingia kwa mara ya kwanza wanapaswa kumtambua mzazi kwa kumwangalia tu, bila ya kuuliza.

La tatu ni nani atambeba mtoto wakati wa kiyamu. Jambo hili huachwa hadi dakika ya mwisho, kisha mtoto hutiwa mikononi mwa yeyote aliye karibu, mara nyingi aliyevaa shanga na darizi kifuani. Likijulikana mapema, mmoja wenu atavaa kwa kazi hiyo, na wengine watakuwa na uhuru zaidi.

Hatua ya pili: kuchagua kanga ya sare, na kuisoma

Sare ya familia kwa kawaida ni doti moja kwa kila mwanamke. Doti ni pande mbili zilizochapwa pamoja, kila upande ukiwa na upana wa takriban sentimita 150 na kimo cha takriban sentimita 110, wenye pindo kuzunguka, mji katikati, na jina karibu na pindo la chini. Dar es Salaam watu huzitafuta Mtaa wa Uhuru na Kariakoo, Mombasa huenda Mtaa wa Biashara, ambako wataziita leso, na Unguja hushukia Darajani. Popote uendapo, nunua doti zote kwa siku moja na katika duka moja. Kanga ya mchoro uleule ikichapwa mara nyingine huja na wekundu uliopungua au na jina jingine kabisa, na yule ndugu aliyesema atanunua yake baadaye ataonekana kwenye picha kama aliyetoka shughuli nyingine. Mkikaribia ishirini, ulizia bei ya korja, yaani doti 20, ambayo huwa nafuu kuliko kununua mojamoja, na zile zitakazobaki hazikosi wenyewe.

Sasa jina. Ninaomba uvumilivu wa msomaji hapa, kwa sababu hili ndilo linaloharibu shughuli kuliko rangi na mshono vikiwekwa pamoja. Dukani jicho huvutwa na mji na pindo. Muuzaji hukunjua nusu tu ya doti, nanyi mnakubaliana kwamba bluu hiyo inapendeza, mnalipa, mnaondoka. Jina hulisoma watu wengine, wakiwa wameketi nyuma yako mkekani, na watalisoma wakiwa na nafasi ya kutosha ya kufikiri.

Niliwahi kuhudhuria akika ambapo binamu yetu mmoja, mwanamke mpole asiye na neno na mtu, alikuja na kanga nzuri ya zambarau iliyoandikwa JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Ni maneno yanayojulikana sana kwenye kanga, na sehemu nyingine yoyote yasingemshtua mtu. Lakini yeye alikuwa ameolewa miaka mingi bila ya kujaaliwa mtoto, na pale alikuwa amemkalia karibu mzazi. Nilimwona shangazi yetu mkubwa akiisoma, akimgusa jirani yake goti, na jirani naye akiisoma. Hapakusemwa kitu kwa sauti. Binamu alipoinuka kwenda kuchukua maji, mtu wa kwanza kumwambia alikuwa mtoto wa darasa la tatu, aliyekuwa akijifunza kusoma kila kitu anachokiona. Aliivua, akaifunga ndani nje, akaimaliza siku nzima jikoni. Hakuwa amelisoma jina hilo hata mara moja.

Kwa hiyo mwambie muuzaji aikunjue doti yote, na ulisome jina kwa sauti mbele ya mtu mwingine. Kisha jiulize litasomwaje likiwa mgongoni pako wewe hasa, mbele ya mzazi huyu hasa. Majina ya mahasidi, kama HASIDI HANA SABABU, hayafai mahali alipo kichanga, hata kama wewe unayachukulia kama mapambo tu, kwa kuwa wakwe watauliza hasidi ni nani. Majina yanayogusa riziki, mume au subira huwa na makali yaliyojificha. Hata NANI KAMA MAMA, ambalo ni zuri kwa karibu kila shughuli, ningesita kulivaa ikiwa mzazi amefiwa na mama yake karibuni au alifiwa wakati wa ujauzito. Yanayokaa salama ni ya dua, ya shukrani kwa Mungu, ya hongera na ya kusifu malezi bila ya kumlenga mtu. Ukikosa jina linalofaa kwenye rangi uliyoipenda, badilisha rangi.

Hatua ya tatu: kupima kitambaa na kukifua

Kabla hujalipa, chomoa uzi mmoja kwenye ukingo wa kanga ya kwanza, ukauwashe nje ya duka. Uzi wa pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini linalopeperuka. Uzi uliochanganywa na poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kitone kigumu unachoweza kukihisi kwa ukucha. Kwa shughuli hii nunua pamba. Mtoto wa siku 40 hucheua maziwa na hutoka jasho anapokumbatiwa, na pamba hunywa unyevu huo wakati poliesta huuacha ukae juu ya ngozi yake.

Ukifika nyumbani, lowesha kipande cha kitambaa cheupe, kikamue, kisha kisugue mara kumi juu ya sehemu nyekundu na mara kumi juu ya sehemu nyeusi. Kikitoka cheupe, una bahati. Mara nyingi kitatoka na rangi, hasa nyekundu, na maana yake ni kwamba kanga hiyo haijawa tayari kumgusa mtoto.

Mimi nilijifunza hili kwa gharama ya shali ya mtoto wa kaka yangu. Nilikuwa nimenunua doti nyekundu jana yake, nikaifua mara moja usiku na kuipiga pasi asubuhi. Kwenye kiyamu marashi yalinyunyizwa kwa wingi, kama inavyopendwa, na yalianguka begani kwangu na juu ya mtoto pamoja. Niliporudisha mtoto kwa mama yake, shali ya sufu nyeupe iliyofumwa na bibi yake ilikuwa na rangi ya waridi upande mzima uliolala kwangu, na shavu la mtoto lilikuwa na doa la rangi hiyohiyo. Shavu lilisafishika kwa maji ya uvuguvugu. Shali haikurudi kuwa nyeupe.

Fua kila doti peke yake, kwa maji ya baridi na sabuni isiyo na manukato, ukibadilisha maji hadi maji ya suuza yabaki meupe. Kwa kanga nyekundu au nyeusi tarajia mara 3 hadi 5. Kwa kanga za rangi hafifu mara 2 zinatosha. Wengi huziloweka katika maji ya chumvi wakiamini kwamba chumvi huifunga rangi, lakini rangi iliyokwisha kuchapwa kitambaani haifungwi kwa chumvi; kinachotakiwa kuondoka ni ile iliyozidi na kubaki juu ya nyuzi, nayo huondolewa na maji, sabuni na subira. Anika kivulini, kwa kuwa jua kali hupausha mistari pale kanga ilipokunjwa juu ya kamba. Ikikauka, rudia jaribio la kitambaa cheupe.

Kufua huku kuna faida nyingine mbili. Kanga mpya hutoka dukani ikiwa ngumu kwa sababu ya wanga, na wanga huo ukikutana na jasho hunata na kukwaruza. Na pamba ambayo haijafuliwa husinyaa kidogo inapoguswa na maji kwa mara ya kwanza. Usimpelekee fundi kitambaa ambacho hakijamaliza kusinyaa.

Hatua ya nne: gauni la ndani, na kwa nini nashauri kanga isikatwe

Hapa mashangazi hugawanyika. Wako wanaotaka kanga yenyewe ishonwe gauni, na wako wanaotaka ivaliwe kama ilivyo juu ya gauni la rangi moja. Nitaeleza hesabu ya kila upande kwa mwili mmoja, ili uone kwa nini mimi nimo katika kundi la pili.

Tuchukue mwanamke mwenye urefu wa sentimita 162 na nyonga ya sentimita 112. Kutoka begani hadi kwenye kifundo cha mguu tunahitaji gauni la sentimita 138. Kimo cha kanga ni sentimita 110 tu, na jina limelala kufuata upana, hivyo huwezi kuisimamisha kanga ili upate urefu bila ya jina kusimama wima ubavuni. Fundi atalazimika kuunga kiunoni. Sketi ikikatwa kutoka upande mmoja tu, mzunguko wa chini unakuwa sentimita 150 ukiondoa mshono; kwa nyonga ya 112, nguo hiyo inatembea vizuri, lakini haikunji miguu mkekani. Kwa uzoefu wangu mzunguko wa chini usipungue sentimita 200 kwa anayekaa chini muda mrefu. Kwa hiyo sketi itataka pande zote mbili za doti, na kifua na mikono vitataka upande wa doti nyingine. Ni doti mbili kwa mtu mmoja, na bado kuna hatari ya fundi kukata jina katikati au kuligeuza kichwa chini, jambo ambalo utaligundua siku ya kuchukua nguo.

Gauni la pamba ya rangi moja kwa mwili uleule ni jambo rahisi zaidi. Kwa kitambaa chenye upana wa sentimita 110, unahitaji urefu wa mbele na wa nyuma, kila mmoja sentimita 138 na 5 za pindo, jumla 286, na sentimita 50 za mikono, jumla 336. Nunua mita 3 na nusu na utakuwa na ziada ya kusinyaa baada ya kufuliwa. Rangi iwe moja ya zile zilizomo ndani ya kanga, hasa ile iliyofifia. Kanga ya bluu na krimu, kwa mfano, ikae juu ya gauni la krimu. Pande zote mbili za doti zinabaki nzima, kanga ikichafuka jikoni inafunguliwa na gauni linabaki safi, na baada ya shughuli ina matumizi mengine.

Unapompa fundi maagizo, mweleze kazi ya nguo, usimwonyeshe picha tu. Shingo iwe ya kukaa karibu na koo, kwa kuwa shingo iliyolegea hushuka unapoinama kumpokea mtoto. Mikono ifike kwenye kiganja, isiwe mipana. Mkono mpana ulioning'inia humfunika mtoto uso anapolala kwenye kiwiko, na jikoni huingia kwenye mchuzi au kugusa makaa ya chetezo. Zipu ikae nyuma. Vifungo, shanga, vidoti vya kung'aa na nyuzi za dhahabu visiwepo kuanzia bega la kushoto hadi kiunoni, au bega la kulia ikiwa unabebea huko, kwa kuwa hapo ndipo shavu la mtoto litakapolala. Ukipenda darizi, iwekwe kwenye ncha za mikono na pindo la chini, ambako itaonekana vizuri bila ya kumgusa.

Kwa upande wa mshono wa ndani, pitisha kiganja kuzunguka shingo na kwapa ukiwa bado kwa fundi. Mshono unaokukwaruza wewe utakufanya ujikune na kujigeuza ukiwa umebeba mtoto.

Hatua ya tano: mtandio, vito, kikuba na udi

Ukishika mtoto kwa mikono miwili, kanga uliyojitanda itateleza kutoka kichwani, na hutakuwa na mkono wa kuirudisha. Ndiyo maana anayebeba ajifunge mtandio unaojitosheleza wenyewe, wa pamba, ulioingizwa ncha ndani badala ya kubanwa kwa pini. Doti aikate mapema katikati, pale pande mbili zilipoungana, na kupinda kingo; upande mmoja aufunge kiunoni juu ya gauni, na wa pili aukunje na kuutandika mapajani au chini ya mtoto. Kimo cha sentimita 110 ni kirefu kidogo kwa wengi wetu kutoka kiunoni. Pindua sentimita kama 10 juu kabla ya kufunga ili pindo lisiburute na usilikanyage unapoinuka. Mwenzako aangalie nyuma kwamba jina liko chini na linasomeka, kwa kuwa ukiwa peke yako mbele ya kioo ni rahisi kulifunga kichwa chini.

Bangili nene na pete za vito zibaki nyumbani au ziingie mkono usiokilaza kichwa cha mtoto. Mkufu mrefu utiwe ndani ya gauni. Kikuba cha asmini na rehani ni pambo letu na sina moyo wa kumwambia mtu asikivae, lakini kwa kawaida hukitunga kwa pini kifuani. Anayebeba mtoto akifunge kwa uzi kwenye nywele, chini ya mtandio au nyuma ya shingo, na harufu itamfikia kila aliye karibu.

Kuhusu udi, fukiza nguo usiku wa kuamkia shughuli, si asubuhi, kisha uzitundike dirishani hadi kesho yake. Harufu iliyokaa kitambaani usiku kucha ni laini, ilhali moshi mpya humkereketa kichanga puani na kooni. Manukato ya mafuta yapakwe nyuma ya magoti au kwenye pindo, si shingoni wala kifuani.

Panapotumika zafarani kupakwa kichwani mwa mtoto baada ya kunyolewa, jua kwamba doa lake la njano halitoki kwa urahisi kwenye kitambaa cheupe au krimu. Uwe na kitambaa kidogo cha pamba, kikuukuu na safi, cha kuweka begani. Kitakusaidia pia kwa nywele zilizokatwa, ambazo ni ndogo mno na huingia ndani ya shingo ya gauni zikakuwasha hadi jioni.

Wanaume wa nyumba mambo yao ni mepesi zaidi: kanzu, kofia, na makubazi. Nina neno moja tu kwa mjomba au baba mdogo anayechinja. Asivae kanzu asubuhi. Achinje akiwa na msuli na shati la kazi, aoge, kisha avae kanzu wasomaji wa maulidi wanapoanza kuingia.

Ikiwa umealikwa pia kwenye bebi shawa

Siku hizi familia nyingi za Dar es Salaam na Nairobi humfanyia mjamzito hafla kabla ya kujifungua. Hiyo huwa na rangi iliyopangwa na marafiki zake, viti na meza badala ya mikeka, na hakuna mtoto wa kubebwa, kwa hiyo vaa unavyopenda ndani ya rangi hiyo. Nitakalosema ni moja: baadhi ya wazee wetu hawapendi kumshangilia mtoto kabla hajafika, na ikiwa mama mkwe wa mjamzito ni mmoja wao, shangazi asiwe ndiye aliyevaa kwa kung'aa kuliko wote ukumbini. Nguo ya akika usiitangulize huko. Iache ionekane kwa mara ya kwanza siku ya mtoto mwenyewe.

Hatua ya sita: majaribio ya nyumbani

Siku tatu kabla ya shughuli, vaa kila kitu kama utakavyovaa, hadi mtandio. Chukua mfuko wa mchele wa kilo 5, ambao hauko mbali na uzito wa mtoto wa siku 40, uuzungushie taulo na uubebe kifuani. Keti mkekani, kunja miguu upande mmoja, inuka bila ya kushika ukuta. Fanya hivyo mara tatu. Kama umelikanyaga pindo, lipandishe. Kama gauni limebana magotini, fundi aachie mishono ya pembeni. Kama kanga imefunguka kiunoni, ifungie juu ya mshipi mwembamba wa kitambaa. Kisha simama na mfuko huo kwa dakika kumi na tano, kwa kuwa kiyamu kina urefu wake, na uangalie kama kuna kitu kinachokuvuta shingo au kukubana kwapa. Mwisho lilaze shavu lako mwenyewe juu ya bega la gauni ulilolivua. Ukihisi mkwaruzo, mtoto atauhisi zaidi.

Siku yenyewe

Alfajiri vaa dera la kazi na kanga kuukuu, na nguo ya maulidi ibaki imetundikwa katika chumba kilicho mbali na jiko, kwa kuwa moshi wa kuni na vitunguu vya kukaanga huingia pamba haraka. Waambie wenzako saa utakayotoka jikoni, na mwenye kukupokea mwiko awe amejulikana tangu jana. Jipe nusu saa ya kuoga, kusafisha kucha zilizoingia binzari na kuvaa bila ya haraka. Osha mikono mara ya pili baada ya kuvaa, maana utakuwa umegusa manukato. Mtoto akikabidhiwa kwako, kwanza tandika ule upande wa pili wa kanga, kisha umpokee.

Shughuli ikiisha, usiikunje kanga ikiwa na unyevu wa marashi. Ifue peke yake kesho yake, tena kwa sabuni isiyo na manukato, kisha uipige pasi. Upande mmoja ubaki wako. Ule aliolalia mtoto mpelekee wifi yako utakapokwenda kumjulia hali, uwe mbeleko. Kwa kuwa umekwisha kufuliwa mara kadhaa, utakuwa laini kuliko mbeleko yoyote mpya atakayoletewa.